Barua Pepe kwa Mzazi: Kupendekeza Tathmini bila Kumbandika Mtoto Jina

Una mtoto darasani anayejibu karibu kila swali la mdomo na kukwama karibu kila swali la kuandika. Umemwangalia kwa wiki kadhaa, umezungumza na mwalimu mkuu, na sasa huna budi kumwandikia mzazi. Sentensi ya kwanza inayokujia ni hii: "Nadhani mwanao ana disleksia." Ifute. Huenda ni kweli, lakini wewe huna kipimo cha kuithibitisha, mzazi hana la kuifanyia, na afisa atakayempima mtoto hana haja nayo.

Barua pepe ya aina hii ina wasomaji wawili. Wa kwanza ni mzazi, ambaye pengine ataisoma kwenye simu akiwa kwenye matatu kati ya Athi River na Machakos mjini. Wa pili ni afisa wa tathmini, kwa sababu mzazi akikubali ataichapisha saibani na kwenda nayo. Wote wawili wanataka kitu kimoja kutoka kwako, nacho ni yale uliyoyaona kwa macho yako, lini, na mara ngapi. Dhana yako kuhusu chanzo haimsaidii yeyote kati yao, na inaweza kuwadhuru wote. Mzazi ataenda kulitafuta lile jina mtandaoni usiku huohuo. Afisa naye atampokea mtoto ambaye tayari amebandikwa jina.

Nchini Kenya mtoto wa namna hii hupelekwa kwanza kwenye kituo cha tathmini na rasilimali za elimu, ambacho walimu wote wanakiita kwa kifupi EARC. Vituo hivi vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa serikali ya Denmark, na leo viko chini ya Wizara ya Elimu katika kaunti na kaunti ndogo, Machakos ikiwemo. Aghalabu ofisi yake huwa ndani ya uwanja wa shule ya msingi, na afisa wake ni mwalimu aliyesomea elimu maalum. Mara nyingi afisa mmoja anahudumia shule nyingi, na kuna siku hayupo ofisini kwa sababu yuko mashinani. Kabla ya kumwandikia mzazi, mpigie afisa simu. Muulize anapokea watoto siku zipi, kama kuna malipo yoyote, na anataka barua ya shule iandikwe vipi. Mzazi aliyepoteza siku ya kazi na nauli kutoka Masinga kisha akakuta mlango umefungwa ni vigumu kumrudisha tena.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ambayo kubwa yake hufanyika kabla hujaandika hata neno moja.

Kwa wiki mbili au tatu, weka daftari dogo la mtoto huyo peke yake. Humo usiandike "mvivu", "mzito" wala "hana makini". Hizo ni hukumu. Andika kilichotokea: "Jumatano, somo la pili. Alinakili mistari miwili kati ya minane kutoka ubaoni. Alikunja uso na kusogea mbele mara tatu." Sentensi kama hiyo inamwambia afisa mengi, kwa sababu mtoto anayesogea mbele kuona ubao na mtoto anayeona ubao vizuri lakini herufi zikampotea njiani ni watoto wawili tofauti kabisa.

Halafu msikilize akisoma. Chukua kifungu cha Kiswahili cha kiwango cha darasa lake ambacho hajakisoma bado, hesabu maneno, na utumie saa ya simu. Mradi wa Tusome, ulioingia katika shule za umma mwaka 2015, uliwapa walimu kigezo ambacho wengi wetu tunakikumbuka: katika madarasa ya chini, anayesoma kwa ufasaha anafikisha maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Kiswahili kimewekewa idadi ndogo kwa sababu maneno yake ni marefu. "Wanapokutembelea" ni neno moja. Kigezo hiki kikusaidie wewe kujua uko wapi, lakini usimpe mzazi kama alama ya mtihani.

Sikiliza Kiswahili na Kiingereza vyote viwili, kwa sababu lugha hizi zinaficha na kufichua mambo tofauti. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto mwenye shida anaweza kuunganisha silabi moja baada ya nyingine na kufika mwisho wa sentensi bila kosa kubwa. Shida yake inaonekana katika mwendo: anasoma polepole mno, na akifika nukta amesahau sentensi ilianzaje. Katika Kiingereza, ambako herufi hazifuati sauti kwa uaminifu huo, mtoto huyohuyo atakosea waziwazi. Mwalimu wa Kiswahili akimsikia peke yake atasema anasoma ila ni mzembe. Mwalimu wa Kiingereza atasema hajui kusoma. Kaeni pamoja kabla hamjafikia neno lolote.

Kisha kuna Kikamba, na hapa ndipo walimu wa Machakos tunapopotea mara nyingi. Mtoto anaandika "mbaba" badala ya "baba", "ndada" badala ya "dada", "lafiki" badala ya "rafiki", "samba" badala ya "shamba". Hayo si ya kumpeleka mtu EARC. Anaandika anavyosikia nyumbani, na ukitazama madaftari ya wenzake watatu wa dawati moja utayakuta hayohayo. Makosa ya lugha ya kwanza yana utaratibu: yanarudi vilevile kila mara, na ukitamka pamoja na mtoto utasikia yanatoka wapi. La kuandika kwenye daftari lako ni kosa lisilo na utaratibu, kama vile neno "kitabu" kuandikwa "kibatu" mstari wa kwanza, "kitau" mstari wa nne, na sawasawa mstari wa saba, yote katika ukurasa mmoja. Kugeuza b na d nako, peke yake, si hoja. Watoto wengi wa Gredi ya 1 na ya 2 hufanya hivyo kisha wakaacha.

Kuna jaribio dogo ambalo walimu wachache hulifanya, nami nadhani ndilo lenye thamani kuliko yote. Msomee mtoto hadithi fupi, halafu umwombe akusimulie kwa Kikamba, au kwa lugha yoyote anayoiongea nyumbani. Kama anaisimulia kwa mpangilio, na wahusika wake na mwisho wake, basi umejua kwamba kuelewa na kukumbuka kupo, na kwamba kikwazo kiko kwenye maandishi. Kama hata kwa Kikamba anashindwa kufuatilia, au anakuomba urudie kila sentensi, hilo ni swali la aina nyingine, na pengine linaanzia masikioni. Vyovyote iwavyo, andika ulichoona bila kutaja maana yake.

Mwisho, andika ulichokwisha kujaribu. Afisa yeyote makini atauliza, na mzazi ana haki ya kujua kwamba shule haikuamka leo na kuamua kumpeleka mtoto mahali. Kama hukujaribu chochote, jaribu kwanza kwa wiki nne hadi sita. Mtoto aliyebadilisha shule muhula uliopita, au aliyekosa wiki kadhaa kwa ugonjwa au karo, anaweza kupanda haraka akipewa dakika chache za kusoma kila siku. Akipanda, hakuna haja ya barua.

Ukishakuwa na hayo, mpigie mzazi simu kabla ya kuandika. Barua pepe isiwe ndiyo inayobisha hodi. Simu inakupa nafasi ya kusikia kama anakuelewa, na inakuonyesha nani hasa wa kuandikiwa. Katika familia nyingi za hapa mtoto analelewa na susu kijijini Mwala au Kathiani huku mama akifanya kazi Nairobi. Mwenye idhini ya kisheria ni mzazi au mlezi, lakini anayejua kama mtoto alichelewa kuongea, au kama sikio lilikuwa linatoa usaha kila msimu wa baridi, ni susu. Muulize mama kama ingefaa uzungumze na susu pia, na umwachie yeye ruhusa hiyo.

Kuhusu njia ya kutuma, barua iende kwenye anwani ya mzazi mwenyewe. Isiende kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kwa fumbo, kwa sababu wazazi wenzake watajua ni nani kabla hujamaliza kuandika. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazipa habari za mtoto ulinzi wa pekee, na habari za afya vilevile. Barua hii inakaribia kugusa zote mbili. Nakala mpe mwalimu mkuu tu, na umwambie mzazi kwamba umefanya hivyo. Usiandike jina kamili la mtoto wala neno "ulemavu" au "tathmini" katika mstari wa mada, kwa sababu mstari huo hujitokeza kwenye kioo cha simu iliyowekwa juu ya meza ya kazini. Faili za kazi za mtoto unazoambatisha zipe jina lisilomtambulisha, maana mzazi akizifungua saibani zinaweza kubaki kwenye kompyuta ya watu.

Huu hapa mfano. Mtoto ni wa kubuni, tumwite M., wa Gredi ya 4, mwenye umri wa miaka tisa.

Mada: Maendeleo ya M., kufuatia mazungumzo yetu ya Jumanne

"Mama M.,

Habari za nyumbani? Natumai nyote hamjambo. Asante kwa kupokea simu yangu Jumanne. Nilikuahidi kukuandikia yale niliyokueleza ili uwe nayo.

M. ni mtoto anayesikiliza na kuuliza sana. Wiki mbili zilizopita, katika somo la Sayansi, ndiye aliyewaeleza wenzake jinsi bwawa la mchanga linavyohifadhi maji mtoni wakati wa kiangazi, na alieleza vizuri kuliko kitabu.

Katika kusoma na kuandika nimeona anapata taabu ambayo haijapungua kama nilivyotarajia. Mwanzoni mwa Juni alisoma kifungu cha Kiswahili cha maneno 60 kwa dakika tatu na nusu. Alipokisoma mwenyewe alijibu maswali mawili kati ya matano. Siku iliyofuata nilimsomea mimi kifungu kingine cha kiwango hichohicho, akajibu yote matano. Katika imla ya maneno 10 aliandika matatu sawasawa, na neno moja aliliandika kwa namna tatu tofauti katika ukurasa mmoja. Anaponakili kutoka ubaoni huwa hamalizi. Kwa wastani anafika nusu ya kazi wenzake wanapokuwa wamemaliza. Nimekuambatishia kurasa tatu za daftari lake ujionee.

Kwa wiki sita nimekuwa nikisoma naye dakika 15, mara tatu kwa wiki, kwa kutumia silabi na maneno mafupi. Sasa anasoma kifungu kama kile kwa dakika tatu. Amesogea, lakini kwa kiasi kidogo.

Sijui sababu ya haya, na mimi kama mwalimu wa darasa sina vipimo vya kuijua. Ndiyo maana napendekeza tumwone mtu mwenye vipimo hivyo. Kwanza, macho na masikio yake yapimwe hospitalini. Pili, apelekwe EARC ya kaunti ndogo yetu, ambako afisa ataangalia anavyosoma, anavyoandika na anavyohesabu, kisha atueleze sisi sote njia nzuri ya kumfundisha. Nimezungumza na ofisi bila kutaja jina la mtoto, na nimepata siku za kupokea watoto. Nitakutumia kwa ujumbe.

Ukikubali, nitakuandikia barua ya shule ya kwenda nayo. Tafadhali beba pia kijitabu cha kliniki, cheti cha kuzaliwa, ripoti za muhula uliopita na daftari mbili.

Uamuzi ni wako na wa baba yake. Nafasi ya M. shuleni haitegemei jibu lako, nami nitaendelea kusoma naye vilevile. Ninachoomba kwa sasa ni kwamba asiadhibiwe wala asinyimwe mchezo kwa sababu ya alama za kusoma, kwa kuwa ninamwona anavyojitahidi.

Mwalimu mkuu ana nakala ya barua hii, hakuna mwingine. Niko shuleni kila siku hadi saa kumi, na unaweza kunipigia simu jioni.

Wako,
Mwalimu wa darasa, Gredi ya 4"

Tuirudie barua hiyo tuone inavyofanya kazi, maana sehemu zake si sawa kwa uzito.

Aya inayomsifu mtoto si ya kulainisha maneno. Bwawa la mchanga limetajwa kwa sababu ni ushahidi: mtoto anayeweza kueleza jambo lenye hatua nyingi kwa mpangilio, kwa mdomo, anaonyesha pengo kati ya kauli yake na maandishi yake. Afisa atalitambua hapohapo. Ungeandika "M. ni mtoto mzuri mwenye nidhamu", mzazi angejua kwamba habari mbaya inafuata, na afisa asingepata kitu.

Aya ya vipimo ina tarehe, idadi na hali. Haina neno "daima" wala "kamwe". Ukisema "hawezi kabisa kusoma", mzazi atakumbuka kwamba jana alisoma bango la dukani, na kuanzia hapo hatakuamini. Angalia pia vile vifungu viwili, kimoja alichosoma na kimoja alichosomewa. Hiyo ndiyo nguzo ya barua nzima. Ukikosa nafasi ya kufanya mengine yote, fanya hilo.

"Sijui sababu" ni sentensi ambayo walimu wengi wanaionea haya. Iache. Ni kweli, na inafungua mlango wa pendekezo linalofuata. Kuna njia mbili za kuiharibu. Ya kwanza ni kuorodhesha yanayowezekana: "inaweza kuwa disleksia, au tatizo la umakini, au kitu kingine". Hiyo ni kutaja ugonjwa kwa mlango wa nyuma, na mzazi atachagua jina linalomtisha zaidi. Ya pili ni kukanusha: "usijali, akili yake haina shida". Hiyo nayo ni kauli ya kitaalamu ambayo huna mamlaka nayo, na ripoti ikija tofauti utakuwa umempotosha mzazi kwa upole.

Macho na masikio yametangulia kwa makusudi. Mtoto anayeona ukungu ubaoni, au mwenye sikio lililoziba kwa majimaji kwa miezi, anaweza kuonekana darasani kama huyo M. Hospitali ya Machakos Level 5 iko karibu kwa wa mjini, na anayekaa mbali aanzie hospitali iliyo karibu naye aulize. Majibu hayo yakifika EARC pamoja na mtoto, afisa hatalazimika kumrudisha hospitalini kwanza.

Kijitabu cha kliniki kimewekwa kwa sababu afisa ataanza na historia: mimba ilikuwaje, mtoto alizaliwa na uzito gani, alikaa lini, alitembea lini, alisema maneno ya kwanza lini, aliwahi kupata degedege au homa ya uti wa mgongo. Wazazi husahau tarehe, kijitabu hakisahau. Baada ya hapo ndipo huja majaribio ya kusoma, kuandika, hesabu na kumbukumbu, mara nyingine kwa zaidi ya siku moja.

Mwambie mzazi mapema kipi asitarajie. EARC humwelekeza mtoto kielimu. Afisa anaweza kuandika kwamba mtoto ana ugumu mahususi wa kusoma, apendekeze mbinu na mpango wa kumfundisha kivyake, bila kulitaja jina la kitaalamu ambalo mzazi alitegemea. Jina hilo, likihitajika, hutolewa na mwanasaikolojia. Kuna pia kituo cha kitaifa cha tathmini katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kule Kasarani, Nairobi, kwa kesi ambazo ofisi ya kaunti ndogo haiwezi kuzimaliza. Kutoka Machakos hiyo ni safari ya siku nzima, na sharti mtu apige simu kwanza. Usiitaje katika barua ya kwanza. Mzazi anayeambiwa habari za Nairobi siku ya kwanza anadhani mambo yameharibika.

Baada ya kutuma, jiandae kwa majibu, na mengi yake hayatakuja kwa barua pepe. Atapiga simu, au atasimama langoni saa kumi.

"Mwalimu, kwa hivyo unasema mwanangu ana kichaa?" Usibishane na neno hilo wala usilitetee. Rudi kwenye ulichoona: "Mama, nimesema anasoma polepole na anaelewa haraka anaposomewa. Sijasema lingine, na sina la kuongeza." Kisha nyamaza umwachie nafasi. Mara nyingi kinachofuata ni habari usiyoijua: kwamba baba yake naye aliacha shule darasa la nne, au kwamba dada mkubwa alipata shida hiyohiyo. Hizo ni habari za thamani kwa afisa. Mwombe mzazi akamweleze mwenyewe. Si zako kuziandika.

"Nitamtafutia tuisheni." Hili ndilo jibu la kawaida kabisa, na halina ubaya. Lakini mwalimu wa tuisheni atampa mtoto zaidi ya kilekile ambacho hakijafanya kazi kwa wiki sita. Mwambie mzazi kwamba tuisheni na tathmini havipingani, na kwamba ripoti itamwonyesha mwalimu wa tuisheni pa kuanzia. Kisha umwulize siku gani ungeweza kumpigia tena.

"Ataandikwa kuwa mlemavu?" Swali hili linastahili jibu kamili, kwa sababu hofu yake ni ya kweli. Kwenda EARC si kusajiliwa. Usajili wa watu wenye ulemavu ni utaratibu mwingine, unaopitia hospitali na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na hufanyika kwa ombi la mzazi mwenyewe. Ripoti ya EARC hukaa kwa mzazi na katika faili la mtoto shuleni. Kuna faida moja unayoweza kumtajia bila kumwahidi: Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, huwa na mipango ya watahiniwa wenye mahitaji maalum, kama muda wa ziada, na ombi hupitishwa na shule wakati wa usajili likiwa na ripoti ya tathmini. Mtoto wa Gredi ya 4 ana muda kabla ya mtihani wa Gredi ya 6. Aliye Gredi ya 6 muhula wa pili pengine hana. Usiseme "atapewa muda wa ziada". Sema "tutaomba".

Na kuna kimya. Wiki mbili zimepita, mzazi hajajibu. Usiitume barua ileile tena, na usimwulize mtoto "mama alisemaje?" Mtoto asiwe tarishi wa jambo linalomhusu. Andika mistari miwili tu: "Mama M., nilitaka kujua kama barua yangu ilikufikia. Likizo ya Agosti inakaribia, na ingekuwa rahisi kwenda wakati huo bila M. kukosa masomo." Akikataa, andika tarehe na jibu lake katika daftari lako, mjulishe mwalimu mkuu, endelea na zile dakika 15, na ulete tena jambo hilo muhula unaofuata ukiwa na kazi mpya za mtoto mkononi. Dhana yako usiipeleke kwenye chumba cha walimu. Ikifika huko itafika uwanjani.

Akikubali na ripoti ikaja, iwe ya hospitali au ya EARC, omba nakala kwa idhini yake na usome kwanza mapendekezo. Huenda yakawa mbali na ulichodhani. Tuseme hospitali imempa M. miwani. Mpe wiki nne akiivaa, kisha chukua kifungu kingine cha maneno 60 cha kiwango kilekile, saa ileile ya simu, na imla nyingine ya maneno 10. Amsomee mwalimu na asomewe, kama mwanzo. Matokeo hayo, yawe yamepanda au yamebaki palepale, mtumie mama yake kwa barua fupi yenye tarehe mbili na idadi mbili, na nakala aende nayo EARC siku aliyopangiwa.